Wamesema "tutahifadhi CV yako kwa nafasi zijazo". Nijibu nini bila kuonekana nalilia kazi?

Ugavi_Tabata:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo, hasa ya wale waliowahi kukaa upande wa kuajiri.

Niliomba nafasi ya afisa ugavi kwenye kampuni moja ya kuondosha mizigo hapa Dar. Usaili wa kwanza nikapita, wa pili nikakaa mbele ya meneja wa ghala na dada wa rasilimali watu. Walining'ang'ania kwenye habari ya hesabu ya ghalani kutofautiana na ya kwenye mfumo, na hilo ndilo ninalolifanya kila siku hapa nilipo kwa mkataba wa muda, kwa hiyo tuliongea vizuri. Meneja akanizungusha mpaka ghalani.

Jana jioni imeingia barua pepe: "Tunakushukuru kwa kushiriki usaili. Tunasikitika kukujulisha kuwa nafasi imepata mtu mwingine. Hata hivyo, tutahifadhi CV yako kwa ajili ya nafasi zijazo."

Nimeandaa jibu hili, bado sijalituma:

"Habari dada. Nimesikitika sana kwa sababu niliamini nimefanya vizuri, sijui nilikosea wapi. Naomba sana mnikumbuke, nipo tayari kwa kazi yoyote, hata kwa mshahara mdogo, hata kuanza kwa kujitolea, kwani nina familia inayonitegemea. Naambatanisha tena CV na vyeti vyote."

Mshikaji wangu kasoma, kasema nimeandika kama mtu aliyeishiwa nauli Ubungo. Nirekebisheje?

kisu_butu:
Usijibu chochote. Hiyo ni namna ya kistaarabu ya kukwambia kwaheri. Hizo CV wanafungia maandazi.

Mama_Pendo:
Hongera mwanangu kwa kuingia kanzidata! Mimi nilifanya usaili wa Utumishi, sikupangiwa, wakaniweka kanzidata. Baadaye nikaona jina langu limetoka, nimepangiwa kituo halmashauri bila kuomba upya. Wewe tulia tu, uwe unaingia portal.ajira.go.tz kuangalia akaunti yako. Wala usimwandikie mtu barua, haisaidii.

Ugavi_Tabata:
Asante mama, ila hii ni kampuni binafsi, siyo Sekretarieti ya Ajira.

DawatiLaAjira:
Mama Pendo yupo sahihi kwa huko serikalini. Kanzidata ya Sekretarieti ni ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na mtu anaweza kupangiwa kutoka humo. Barua yako ya kubembeleza haina pa kuingilia. Kampuni binafsi haina utaratibu wa hivyo. Nimekaa kwenye rasilimali watu za kampuni za usafirishaji na ghala, nikueleze hilo "faili" lenyewe likoje.

Mara nyingi ni folda kwenye kompyuta yenye jina la nafasi, na karatasi ya Excel yenye alama za wasaili. Juu yupo aliyechaguliwa, chini yake wa pili na wa tatu. Karatasi hiyo ina uhai mpaka aliyechaguliwa aripoti na aonekane ametulia. Ikitangazwa nafasi nyingine baadaye, mara nyingi watu wanaanza upya na folda ya zamani haifunguliwi, labda mtu amkumbuke mtu. Kwa hiyo kisu_butu hajakosea kwa asilimia kubwa, ila amesahau hicho kipindi cha mwanzo.

Aliyechaguliwa akiwa ameajiriwa kwingine kwa mshahara wa mwezi, sheria yetu inamtaka atoe notisi isiyopungua siku 28, ukiacha aliye kwenye mwezi wake wa kwanza kazini. Katika siku hizo bosi wake anaweza kumwongezea mshahara akabaki, wadhamini wake wanaweza kumsema vibaya, au vyeti vikaleta utata. Ofisini kwangu mtu alisaini kabisa, halafu wiki ya kuripoti akatuma ujumbe kwamba anabaki alipo. Wa pili na wa tatu walikuwa wamepishana alama kidogo sana. Tulimpigia wa tatu, kwa sababu alikuwa amejibu barua yetu na kusema lini anaweza kuanza. Wa pili tungeanza kumtafuta upya, na meneja alikuwa amepandisha presha.

Jibu lako lina kazi hiyo tu: ukumbukwe kwa jambo moja la kazi, na ijulikane unapatikana lini.

Sasa rasimu yako. "Kazi yoyote" haimsaidii yule dada, kwa sababu yeye hutafuta mtu wa nafasi fulani. Hana nafasi inayoitwa yoyote. "Mshahara mdogo" umeshapunguza bei kabla hujaulizwa, na siku wakikuita wataanzia hapo. "Sijui nilikosea wapi" inamlazimisha ajitetee kwa uamuzi ambao huenda haukuwa wake. Habari ya familia iache kabisa, na wao wanazo. Vyeti wanavyo.

Mimi ningeandika hivi:

"Habari Bi. (jina lake),
Asante kwa kunijulisha, na kwa muda ambao wewe na meneja wa ghala mlinipa. Mazungumzo yetu kuhusu tofauti ya hesabu kati ya ghala na mfumo yalinivutia, kwani ni kazi ninayoifanya sasa. Ikitokea nafasi ya ugavi au ya usimamizi wa ghala, ningependa kufikiriwa. Mkataba wangu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo naweza kuanza kazi wakati wowote. Nawatakia kazi njema."

Basi. Chini weka jina kamili na namba ya simu. Jibu kwenye barua ileile waliyokutumia, usifungue mpya, ili akifungua aone historia yote pamoja. Tuma leo au kesho. Na kama walikuandikia kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza.

Mtoto_wa_Keko:
Mkuu umeeleza vizuri ila barua pepe peke yake haitoshi bongo hii. Inabidi upige simu kila wiki wasikusahau. Mimi nilipata kazi kiwandani kwa kwenda getini kila Jumatatu mpaka mlinzi akanizoea, akaniunganisha na msimamizi.

DawatiLaAjira:
Kwa kazi za kibarua na za mashine uko sawa, pale getini ndipo watu wanapookotwa asubuhi. Kwa nafasi ya ofisi yenye usaili mara mbili, simu ya kila wiki inamfanya yule dada ahifadhi namba yako kwa jina la "usipokee". Simu moja inaruhusiwa kama yeye ndiye aliyekuwa anakupigia tangu mwanzo.

Ila wazo la kutosahaulika lina ukweli. Mpe ujumbe wa pili, mmoja tu, kwenye wiki ya tano au ya sita. Wakati huo zile siku 28 zimeisha na inajulikana kama mtu wao ameripoti. Lakini usiandike "nakumbushia". Uwe na jambo jipya: matokeo ya bodi, mkataba umeisha, umehamishiwa kazi kubwa zaidi. Ukikosa jambo jipya, bora ukae kimya.

Ugavi_Tabata:
Nimefanya mitihani ya PSPTB, nasubiri matokeo. Hiyo inatosha?

DawatiLaAjira:
Yakitoka na umefaulu, hiyo ndiyo sababu yako. Sentensi mbili: umefaulu ngazi gani, na bado unavutiwa na kitengo kilekile. Hapo sasa ambatanisha CV mpya, maana ya kwanza imepitwa na wakati. Faili liite jina lako na nafasi, kwa mfano `Jina_Ukoo_Afisa_Ugavi.pdf`. Nimewahi kufungua folda yenye mafaili mengi yanayoitwa `CV mpya final.pdf`, hujui ni ya nani mpaka ufungue moja moja.

Pwani_254:
Salamu kutoka Mombasa. Nina mambo mawili. La kwanza, hawawezi kukaa na CV yako milele. Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ninyi mlipitisha ya kwenu 2022. Taarifa za mtu hazistahili kuwekwa kupita muda zinapohitajika, kwa hivyo makampuni mengine hufuta. Ukiona mwaka umepita, tuma upya kama mwombaji mgeni. La pili, kwa nini asiulize alipungukiwa wapi? Mimi niliuliza nikaambiwa wazi kwamba nilikuwa dhaifu kwenye forodha, nikaenda nikasoma.

DawatiLaAjira:
Hilo la kwanza nakubali. La pili tutabishana. Kwenye barua hiihii ya shukrani, swali la "nilipungukiwa wapi" linabadilisha sura yake. Badala ya kusoma na kuendelea na kazi, sasa ana kazi ya kukujibu. Wengi wamekatazwa na wakubwa wao kujibu swali hilo kwa maandishi, wakiogopa lugha itageuzwa kuwa malalamiko. Matokeo yake hajibu kabisa.

Pwani_254:
Basi amuulize meneja, siyo rasilimali watu. Yule meneja alimtembeza ghalani, ni mtu wa kuongea. Na ukiuliza "ni ujuzi gani niuongeze" si sawa na kuuliza "kwa nini mlinikataa". Mimi bado nasema aulize.

DawatiLaAjira:
Ukiuliza hivyo, kwa mdomo, kwa mtu mliyezoeana, sina neno. Ila kumzunguka yule dada ukaenda kwa meneja, kuna ofisi wanalichukia hilo.

binti_Ilala:
Samahani kuingilia. Mimi nimepata ujumbe kama huo lakini sikuitwa hata usaili, na anwani inaanza na noreply. Na mimi nijibu?

DawatiLaAjira:
Hapana dada, huo umetumwa na mfumo, hakuna atakayeusoma. Ukitaka kutofautisha, angalia kama kuna jina la mtu chini na kama anataja usaili wenu. Usipoona hata kimoja, fuatilia matangazo yao na uombe upya nafasi inayokufaa.

Ugavi_Tabata:
Nimelituma asubuhi hii, nimebadilisha kidogo tu. Nimeondoa "wakati wowote" nikaweka tarehe 1 ya mwezi unaofuata, naona ni wazi zaidi. Saa tano dada kajibu "Asante, tumepokea, nimeiweka pamoja na maelezo yako." Sijui nilifurahie au ni lugha ileile.

kisu_butu:
Ni lugha ileile.

DawatiLaAjira:
Inaweza kuwa lugha ileile. Ila tarehe yako sasa ipo kwenye ile karatasi, na hiyo ndiyo tuliyoifuata. Endelea kuomba kwingine. Wakikuita kabla ya wiki ya tano, ule ujumbe wa pili usiutume, usije ukaharibu.

Mtoto_wa_Keko:
Ukiona kimya, njoo getini Jumatatu, nitakuonyesha mlinzi.