Kuhusu: Dirhamu 2,000, nyumba ya Kisauni, na makato ya kutuma

Zuhura, Sharja:
Asalaam aleikum. Mshahara ni dirhamu 2,000, malazi ni ya mwajiri. Kisauni wanahitaji shilingi 40,000 kwa mwezi. Nitume kidogo kidogo kila wiki ama mara moja?

Bakari:
Waaleikum salaam. Tafuta asiyetoza ada, basi. Ada ya dirhamu 20 mara nne ni 80, karibu shilingi 2,800 zimepotea.

Mzee Athumani:
Bakari, la mara nne ni kweli, lakini asiyetoza ada hula kwenye reti. Tuseme zinatoka dirhamu 1,200. Duka linalotoza 20 na kubadilisha kwa 34.9 litafikisha shilingi 41,182. La bila ada, kwa 34.1, litafikisha 40,920. Ukituma 300 mambo yanageuka: 9,772 kwa lenye ada, 10,230 kwa lisilo na ada. Kwa reti hizo, mpaka uko karibu na dirhamu 870. Kwa hivyo Zuhura, dirishani uliza hivi: nikitoa 1,200, nyumbani zitaingia shilingi ngapi? Uliza maduka mawili siku hiyo hiyo, maana reti ya jana haikusaidii.

Tuma mara moja. Zile elfu moja na ushei zinazozidi zitabeba makato ya M-Pesa. Unabaki na 800: chakula 400, nauli na simu 150, na 250 usiziguse.

Mwanaidi, Riyadh:
Mimi niko kazi za ndani, nala kwa tajiri, hata 800 sizihitaji. Si bora mtu atume nusu ya mshahara kila mwezi, asiumize kichwa?

Mzee Athumani:
Mwanangu, Zuhura anajilisha mwenyewe. Na nusu haijui kodi ya nyumba ni ngapi. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, lakini shilingi yetu hupanda na kushuka. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Dirhamu 1,200 zile zile zikaleta pungufu ya karibu shilingi elfu kumi, na mwenye nyumba hakupunguza kodi. Anza na shilingi zinazohitajika, ndipo upate dirhamu. Zile 250 ndizo zitakazoziba pengo.

Mwanaidi:
Nimeelewa. Basi walipe kodi na karo moja kwa moja kwa simu, wasitoe zote kwa wakala halafu wakalipe taslimu. Kutoa nako kuna makato.

Bakari:
Hizo 250 mimi ningezituma pia, zikae kwenye chama nyumbani. Huku zitaliwa.

Mzee Athumani:
Na tikiti ya dharura utaikata na nini? Walau za miezi minne zikae huku kwanza.

Zuhura:
Shukran. Lakini karo ya Januari inaanguka kabla miezi minne haijatimia. Nizitoe hizo, ama nimwombe mwalimu tulipe kwa awamu?