"Godoro 5 kwa 6, hai densiti, latoshea kila kitanda." Uongo mtupu!

Nimekasirika na sitanyamaza. Nimenunua godoro katikati ya jiji, na tangazo lilisema: 5 kwa 6, inchi 8, hai densiti, jalada la kushonewa sponji, latoshea kila kitanda.

Kitanda changu ndani ni inchi 60 kwa 75. Godoro limefika na inchi 72. Miguuni pamebaki pengo la inchi 3, mto unadumbukia humo hadi kwenye chaga. Muuzaji anadai futi 6 ni inchi 72, basi hakuna kosa. Mbona duka jirani 5 kwa 6 yao ni inchi 75? Andikeni inchi kamili, mtu apime kitanda chake kabla ya kulipa!

Nikafungua zipu ya jalada. Sponji yenyewe ni inchi 7. Inchi ya nane ni ule ushonaji wa juu na chini, ambao ukiulalia unabonyea wote. Na mwanzoni lilikuwa gumu kweli, sasa kiunoni pana shimo. Nimelaza ufito ulionyooka juu yake, katikati vidole viwili vinapita chini. Kulirudisha wamekataa, eti nimeshatoa nailoni.

Mkazi wa Umoja: Pole dada. Hai densiti maana yake ni gumu. Kama linabonyea, umepewa midiamu.

Fundi Sponji: Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Densiti ni uzito kwa ujazo, ugumu ni kitu kingine. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu, ukiibonyeza dukani unaridhika, halafu inachoka upesi. Dada, toa jalada upime sponji peke yake.

Mwenye uzi: Nimeazima mizani ya mwenye duka la nafaka. Kilo 9.

Fundi Sponji: Mita 1.83 kwa 1.52 kwa 0.18 ni kama nusu mita ya ujazo. Kwa hiyo ni kilo 18 kwa mita moja ya ujazo. Mimi godoro la watu wazima wawili siliuzi chini ya 25. Lakini angalia chaga pia, mbao zikiachana sana sponji inazama katikati yake.

Mama Pacha: Mimi nilinunua la inchi 8 la dekka ya watoto. Limepanda hadi karibu na ukingo wa kitanda cha juu, mtoto anaweza kubiringika aanguke. Nifanyeje?

Fundi Sponji: Mama, la juu libadilishe leo, weka la inchi 4 au 5.

Mkazi wa Umoja: Dada, si uongezewe kipande cha sponji pale miguuni?

Mwenye uzi: Kipande nitakilipia mimi, kwa kosa la nani? Mbao za chaga zimekaribiana, nimepima. Narudi dukani na ufito wangu na picha ya mizani. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa baada ya kutoa nailoni?