Kutafuta neno lolote la orodha ndefu ndani ya seli: SUMPRODUCT, OR au COUNTIF?

daftari_la_matumizi

Wadau habari. Nina shiti ya matumizi madogo, mistari 4,300. Safu A ina maelezo kama kila mtu alivyoyaandika: “Nauli ya bodaboda kwenda benki”, “Matairi mawili mapya”, “Ankara ya umeme imelipwa”. Pembeni, E2 hadi E61, nimepanga maneno 60 ya usafiri: nauli, bodaboda, meli, gari, dizeli na mengine. Nataka safu B iseme TRUE pale maelezo yanapokuwa na neno lolote kati ya hayo 60. Nimekusanya njia tatu:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH($E$2:$E$61,A2)))>0
=OR(ISNUMBER(SEARCH($E$2:$E$61,A2)))
=SUMPRODUCT(COUNTIF(A2,"*"&$E$2:$E$61&"*"))>0
```

Kompyuta za ofisini zina Excel 2016, mimi natumia 365. Ipi nishike? Na kwa nini mstari wa ankara ya umeme unanipa TRUE wakati umeme haumo kwenye orodha?

kibodi_moja

Chukua ya pili. OR ni fupi, inasomeka, na jibu ni lile lile. SUMPRODUCT ilikuwa ya zamani, siku hizi haina kazi hapo.

fomula_mstari_kwa_mstari

Ndugu kibodi_moja, kwenye 365 na 2021 uko sahihi. Ila muulizaji amesema ofisini ni 2016, na huko OR ukiimaliza kwa Enter ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Ubaya wake ni kwamba haitoi kosa lolote la kukushtua. Excel hiyo ikipewa orodha mahali inapotarajia neno moja, inachukua neno lililo kwenye mstari ule ule wa fomula. Kwa hiyo B2 inapimwa kwa E2 peke yake, B3 kwa E3 peke yake, na kuanzia mstari wa 62 hakuna neno la kuchukua: SEARCH inatoa #VALUE!, ISNUMBER inaigeuza FALSE, na mistari zaidi ya 4,200 inakaa kimya ikisema FALSE. Ukitaka OR kwenye 2016 lazima umalizie kwa Ctrl+Shift+Enter, na kila atakayegusa seli hiyo akumbuke kufanya vivyo hivyo. SUMPRODUCT inaisoma orodha yote yenyewe, kwa Enter tu. Kwa faili linalozunguka kati ya kompyuta za aina mbili, hiyo inanitosha kuichagua.

Sasa kuhusu umeme. Simama kwenye seli ya mstari huo, ingia kwenye upau wa fomula, chagua kipande hiki tu kisha ubonyeze F9:

```
SEARCH($E$2:$E$61,A2)
```

Utaona safu ndefu ya #VALUE! na katikati yake namba moja, 18. Hiyo ni nafasi ambapo neno limeonekana. Hesabu herufi za “Ankara ya umeme imelipwa” pamoja na nafasi tupu: herufi ya 18 ni m ya “imelipwa”, na kuanzia hapo pameandikwa m-e-l-i. Ni neno lako “meli”. SEARCH haijui maneno, inajua mfululizo wa herufi. Kila “imelipwa”, “umelipia” na “wamelipa” kwenye shiti yako imehesabiwa kuwa usafiri. Ukimaliza kutazama bonyeza Esc. Ukibonyeza Enter, namba hizo zinabaki ndani ya fomula badala ya marejeleo yako.

hesabu_safi

Njia ya tatu msiipuuze. COUNTIF haihitaji ISNUMBER wala zile alama mbili za kutoa, na majibu ni sawa kabisa na ya SEARCH: zote mbili hazijali herufi kubwa na ndogo.

fomula_mstari_kwa_mstari

Karibu sawa, si sawa kabisa. Seli ikiwa na namba halisi, tuseme namba ya risiti 40718, na wewe unatafuta 407, SEARCH inaiona kwa sababu inaigeuza namba kuwa maandishi kwanza. COUNTIF yenye nyota inapita namba kana kwamba haipo. Pili, COUNTIF inadai seli halisi. Huwezi kuipa `" "&A2&" "`; Excel inaikataa fomula hapo hapo. Na hicho ndicho kitu tunachokihitaji kumaliza tatizo la “meli”.

Kuhusu alama mbili za kutoa: kwenye ile ya kwanza zina kazi. ISNUMBER inatoa TRUE na FALSE, na SUMPRODUCT ikipewa hizo peke yake inazihesabu sifuri. Ukizifuta unapata FALSE kila mstari bila kosa lolote kuonekana.

mpambe_wa_shiti

Dawa ya “meli” ni kuzungushia nafasi tupu pande zote mbili, neno na maelezo:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(" "&$E$2:$E$61&" "," "&A2&" ")))>0
```

“ meli ” yenye nafasi huku na huku haimo ndani ya “imelipwa”. Kwisha.

daftari_la_matumizi

Nimeijaribu. Umeme umetoka, asante dada. Lakini sasa “Matairi mawili” na “Kukodi magari ya msafara” vimekuwa FALSE, ilhali tairi na gari vimo kwenye orodha. Pia kuna seli tupu kabisa kwenye safu A ambazo zinasema TRUE!

fomula_mstari_kwa_mstari

Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Seli tupu kwanza. Bila shaka tangu ulipouliza umefuta neno na kuacha seli tupu ndani ya E2:E61. Kwenye fomula yako ya mwanzo, neno tupu linaonekana kila mahali: SEARCH ikipewa neno tupu la kutafuta inajibu 1, hivyo shiti nzima ingekuwa TRUE na ungegundua mara moja. Ukishazungushia nafasi, neno tupu linakuwa nafasi mbili zilizofuatana. Hizo zinapatikana kwenye seli tupu, na popote mwandishi alipobonyeza nafasi mara mbili au kuacha nafasi mwishoni. Kosa halijaondoka, limejificha. Lizuie kwa kudai neno lisiwe tupu:

```
=SUMPRODUCT(($E$2:$E$61<>"")*ISNUMBER(SEARCH($E$2:$E$61,A2)))>0
```

Hapa kuzidisha kunageuza TRUE kuwa 1, kwa hiyo alama za kutoa hazihitajiki. Na tafadhali usiandike E:E ili “orodha ikue yenyewe”: hiyo ni mistari 1,048,576 kwa kila seli ya safu B, na shiti itakwama.

La pili ni la Kiswahili chenyewe. Wingi wetu unakuja mbele ya neno: gari, magari; tairi, matairi; basi, mabasi. Ukifunga neno kwa nafasi mbele, wingi unabaki nje. Lakini angalia ni maneno gani yanaleta shida. Nauli, meli, petroli na dizeli hayabadiliki kwenye wingi, kwa hiyo hayo unaweza kuyafunga bila kupoteza kitu. Gari, tairi na basi yaache wazi. Usiyatendee maneno yote 60 namna moja. Weka safu F kando ya orodha, andika 1 kwa neno la kufungwa, acha tupu kwa neno la wazi, kisha:

```
=SUMPRODUCT(($E$2:$E$61<>"")*ISNUMBER(SEARCH(REPT(" ",$F$2:$F$61)&$E$2:$E$61&REPT(" ",$F$2:$F$61)," "&A2&" ")))>0
```

REPT inaweka nafasi moja palipo na 1, na haiweki kitu palipo tupu. Msishawishike kutumia IF badala yake. IF ndani ya SUMPRODUCT inarudisha lile sharti la Ctrl+Shift+Enter kwenye 2016.

mpambe_wa_shiti

Nakubali, hii ni bora kuliko yangu. Ongeza jambo moja: “Mzigo wa meli, Zanzibar” ina koma iliyoshikana na neno, basi “ meli ” haitaonekana. Safisha maelezo kwenye safu ya pembeni, tuseme C, na fomula isome C2 badala ya A2:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,","," "),"."," "),CHAR(160)," "))
```

CHAR(160) ni ile nafasi inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti. Kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini TRIM peke yake haiiondoi.

fedha_lubumbashi

Samahani wakubwa, kwangu fomula zote zinakataliwa tangu Enter ya kwanza. Excel yangu ni ya Kifaransa.

fomula_mstari_kwa_mstari

Huko majina ni mengine, na kitenganishi ni nukta mkato:

```
=SOMMEPROD(--ESTNUM(CHERCHE($E$2:$E$61;A2)))>0
```

Ukitumiwa faili lenyewe badala ya kunakili maandishi, Excel inayageuza majina na kitenganishi yenyewe. Jibu litakuwa VRAI au FAUX.

risiti_na_kodi

Mimi yangu: nataka fomula iniambie ni neno gani limeonekana, si TRUE tu. Nimeweka hizo zenu, zinanipa TRUE TRUE TRUE, sijui nifanye nini nazo.

hesabu_safi

Hilo ni swali jingine, ila jaribu hii:

```
=LOOKUP(2,1/SEARCH($E$2:$E$61,A2),$E$2:$E$61)
```

fomula_mstari_kwa_mstari

Ni nzuri, na inakubali Enter ya kawaida hata kwenye 2016. Mjue tu kwamba maneno mawili yakionekana inarudisha lililo chini zaidi kwenye orodha, si lililotangulia kwenye sentensi. Kwa hiyo panga yale mahususi chini: “mafuta” juu, “mafuta ya taa” chini yake. Palipo na seli tupu mwishoni mwa orodha, tupu ndiyo itakayoshinda, basi funga orodha pale maneno yanapoishia. Pasipoonekana neno lolote utapata #N/A, na hiyo uifunike kwa IFERROR.

daftari_la_matumizi

Fomula ya REPT imekubali kwenye 2016 na kwenye 365. Nimeweka 1 kwa maneno 22. Kuna moja imenishinda: “Petroli ya jenereta” inasema TRUE kwa sababu ya petroli, na si usafiri.

mpambe_wa_shiti

Tengeneza orodha ya pili ya maneno ya kukataza, jenereta na wenzake, kisha unganisha fomula mbili kwa AND na NOT.

fomula_mstari_kwa_mstari

Mimi ningeitoa petroli kwenye orodha na mistari hiyo niipitie kwa jicho, kwa kuchuja safu A. Orodha ya kukataza inaanza na neno moja, halafu inakuja “Petroli ya gari na jenereta”, na hapo NOT inafuta usafiri wa kweli.

mpambe_wa_shiti

Kwa mistari 4,300 ya mwezi mmoja, sawa. Kila mwezi utachuja tena?