Naomba ushauri: kukagua maelezo ya PR kabla ya mapitio

Habari zenu wakuu. Timu yetu ndogo hapa Arusha inatumia GitHub Actions kuzuia PR isiyotaja ishu, mfano `Closes #42`. Sasa kiolezo chetu kina mstari huohuo kama mfano ndani ya `<!-- -->`, hivyo mtu akikiacha bila kujaza chochote bado anapata tiki ya kijani!

Halafu aliyekataliwa akirekebisha maelezo, alama nyekundu haibadiliki. Nimejaribu `Re-run jobs`, ila inasoma maelezo yaleyale ya zamani. Mpaka asukume komiti mpya, na hilo linachosha kweli.

Je, kuongeza `edited` kwenye `types` za `pull_request` kunatosha? Na mnayaondoaje hayo maandishi yaliyofichwa kabla ya kutafuta namba ya ishu?