Mjadala wa masoko ya ndani, yaani kuwaandaa wafanyakazi watimize ahadi ambayo kampuni imewapa wateja: Ahadi ikivunjika mikononi mwa mhudumu, dawa ni mafunzo?

Muulizaji: Kampuni yetu imetangaza kwamba tatizo la mteja litaisha kwa simu moja. Wahudumu wote wa simu walipata mafunzo ya siku mbili. Miezi mitatu imepita na malalamiko yamezidi. Uongozi unataka mafunzo yarudiwe. Yatasaidia?

Msimamizi wa Zamu: Kwanza niambie wahudumu wenu wanapimwa kwa kipi. Nilikosimamia mimi tulitoa ahadi inayofanana na hiyo, lakini lengo la muda wa simu likabaki dakika 4. Chukua mteja aliyekatwa malipo mara mbili: kulihakikisha jambo lake huchukua kama dakika 7, na mhudumu haruhusiwi kurudisha fedha bila idhini ya idara ya fedha. Akimsikiliza hadi mwisho, bonasi yake inapungua, na fedha zenyewe bado hajazirudisha. Akisema "tutakupigia", analifikia lengo. Basi wakawa wanasema "tutakupigia" kwa ile sauti ya upole waliyofundishwa, ripoti inaonyesha simu imekwisha vizuri, na kesho yake mteja anapiga tena na kuhesabiwa kama simu mpya.

Tuliuona ukweli siku tulipoanza kuhesabu namba zilizorudi ndani ya siku 7 kwa jambo lilelile. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kukodi ukumbi wa mafunzo.

Afisa Ajira: Mnawaonea waliopanga malengo. Asiyependa watu hafundishiki. Ajirini wenye moyo wa huduma, na ahadi itatimia yenyewe.

Msimamizi wa Zamu: Kuhusu kuchagua watu nakubaliana nawe. Ila kwetu wenye moyo ndio waliotangulia kuondoka. Kumwambia mteja mara thelathini kwa siku jambo unalojua halitatendeka kunachosha kuliko kazi yenyewe. Waliobaki ni wale ambao halikuwaumiza.

Dada wa Mapokezi: Mimi nilipoona "masoko ya ndani" kwenye kichwa cha mjadala huu nilidhani ni kampuni kuwauzia wafanyakazi wake bidhaa, maana kwetu tuligawiwa fulana zenye kaulimbiu, basi. Kisha mgeni mmoja akanionyesha tangazo kwenye simu yake: chumba tayari saa 6 mchana. Sikuwahi kuliona. Wasafisha vyumba walikuwa wanaingia zamu saa 4 asubuhi, hawakuongezwa mtu hata mmoja, na wageni wa jana walikuwa na ruhusa ya kukaa hadi saa 5. Nilimwomba radhi kwa ahadi ambayo sikushirikishwa. Iliniuma sana.

Msimamizi wa Zamu: Dada, hilo ndilo suala lenyewe. Wewe ulipaswa kuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa tangazo, tena likiwa bado rasimu, ili useme kwamba saa 6 haiwezekani mpaka zamu ibadilike. Fulana haisafishi chumba.

Muulizaji, kaa na wahudumu kumi, orodhesheni sababu ishirini zinazoongoza kwa simu, na kila sababu wajibu: je, unaweza kulimaliza hili bila kumwomba mtu ruhusa? Kila jibu la "hapana" ni mahali ambapo tangazo lenu si la kweli. Sisi tulipata kumi na moja. Mafunzo yanayofaa huja baada ya hapo: mnachukua kisa halisi, mhudumu anakifanyia mazoezi hadi mwisho kwenye mfumo uleule wa kazini, akiwa na mamlaka atakayokuwa nayo kesho.

Mhasibu: Mamlaka ni neno tamu mpaka fedha zianze kuvuja. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja bila kumuuliza bosi. Wao wanauza vyumba ghali na mgeni wao hurudi. Kampuni ya faida ndogo ikiiga itafunga.

Msimamizi wa Zamu: Usiige kiasi, iga kanuni. Tulipitia fedha zote zilizorudishwa katika miezi 6, tukaona nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kuzungusha fomu ya idhini. Tukaweka kikomo kinachofunika madai manane kati ya kumi, mhudumu anaandika sababu, na kila wiki idara ya fedha inakagua sampuli.

Mhasibu: Sampuli naikubali. Ila mkiliondoa lengo la muda, foleni itarefuka, na anayesubiri nusu saa naye ameahidiwa.

Msimamizi wa Zamu: Hapo umenishika. Tuliliondoa kwenye bonasi, tukaliacha kwenye upangaji wa zamu. Wiki za kwanza foleni ilirefuka kweli, ikapungua simu za kurudia zilipopungua. Kwenu huenda isiwe hivyo.

Muulizaji: Nitaanza na hizo namba zinazorudi. Lakini tangazo tayari liko hewani. Tulisimamishe wakati tunarekebisha?

Afisa Ajira: Msiliguse. Mkilitoa wafanyakazi watasema hata nyinyi hamkuliamini.

Dada wa Mapokezi: Litoeni. Kila siku linapobaki, yupo mwenzangu anayeomba radhi kwa ajili yenu.