Tupeane uzoefu: Marehemu kaacha madeni makubwa kuliko mali. Ulilipa kwa mfuko wako?

Binti Mpunguzi
Wadau, jana nilikuwa msibani Hombolo. Kabla ya kushusha mwili msemaji wa familia akasema yale tuliyoyazoea: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Mzee mmoja akanyoosha mkono hapo hapo, anadai milioni mbili. Mtoto mkubwa wa marehemu, kijana mdogo tu mwenye kibanda cha chipsi, akaitikia mbele ya watu wote, "Nitalipa mimi." Watu wakamsifu. Mimi moyo uliniuma, maana najua baba yake hakuacha kitu. Hivi yule kijana kweli anawajibika? Waliowahi kupitia hili waseme.

Mwana Chamwino
Anawajibika. Mtoto ndiye jina la baba yake. Kwetu deni la mzazi haliachwi likaoza.

Mama Wawili Nkuhungu
Binti Mpunguzi, umenifungulia kidonda. Mume wangu alifariki akiwa na mkopo wa kausha damu ambao mimi sikuwahi kuusikia. Siku ya tatu ya matanga, bado wageni wanalala chini sebuleni, mkopeshaji akaja na vijana wawili na daftari. Wakamwita shemeji pembeni. Kisha shemeji akaja kuniita na karatasi imeshaandikwa tayari: "Mimi mke wa marehemu nakubali kulipa shilingi 2,400,000 kwa awamu." Nikamuuliza shemeji, nikikataa? Akasema, "Shemeji, unataka kaka asipumzike?" Mimi nikatia saini. Nilikuwa sijala siku mbili. Hata kusoma vizuri sikusoma.

Nikauza cherehani yangu ya kazi. Nikauza mbuzi wawili wa mwanangu aliopewa na bibi yake. Miezi mitano nikawa nimelipa laki tisa, na mtoto wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani mara mbili. Siku nilipokwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi ili tupate pesa kidogo za benki, karani akaniuliza, "Mama, deni hili unalilipa wewe kama nani?" Nikakosa jibu. Nililia pale dirishani. Hadi leo natamani mtu mmoja tu angenishika mkono siku ile, aniambie nisubiri.

Kaka wa Bahi
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Ustadhi Chang'ombe
Pole mama. Mwana Chamwino, kwa sisi Waislamu mambo yamewekwa wazi: mali ya marehemu inatoa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi. Mali ikiisha, mtoto kumlipia mzazi ni wema mkubwa na tunauhimiza. Lakini kuhimizwa na kulazimishwa ni vitu viwili.

Mwana Chamwino
Ustadhi, mimi nazungumzia mila. Wewe unaleta dini.

Ustadhi Chang'ombe
Na wewe unawabebesha mayatima mzigo kwa jina la mila.

Msimamizi Kibaigwa
Ndugu zangu, tulieni. Mimi nilikuwa msimamizi wa mirathi ya baba mdogo, nitawapa hesabu yenyewe.

Shamba lilikuwa la ukoo, yeye alikuwa analima tu. Vyake vilikuwa ng'ombe watatu tuliowauza 1,800,000, mahindi na alizeti 1,500,000, na pikipiki 900,000. Jumla 4,200,000. Tukatoa 800,000 kwa deni la maziko na gharama za usimamizi. Ikabaki 3,400,000. Madeni yakawa 6,800,000: duka la pembejeo 2,800,000, mtu binafsi 2,400,000, kikundi cha VICOBA 1,600,000.

Wa duka alitaka alipwe zote kwa sababu alifika wa kwanza. Nikakataa. Mali ilikuwa nusu ya madeni, basi kila mmoja alipata nusu ya anachodai: duka 1,400,000, yule mtu 1,200,000, VICOBA 800,000. Nikaandika yote kwenye hesabu niliyopeleka mahakamani, na risiti zao nikaambatanisha. Warithi hawakupata kitu, na hawakutoa kitu.

Isipokuwa mmoja. Mdogo wangu alikuwa amemdhamini baba mdogo kwenye VICOBA. Ile 800,000 iliyobaki walimfuata yeye, na akalipa. Alilia kwamba yeye si mrithi mkuu. Hawakumfuata kwa urithi, walimfuata kwa saini yake ya udhamini.

Dereva wa Kizota
Na rambirambi mliiweka kwenye hesabu? Maana kwetu mdai alikuja akataka daftari la michango.

Msimamizi Kibaigwa
Hatukuiweka. Watu walitufariji sisi, hawakumpa marehemu.

Kaka wa Bahi
Hapo sikubaliani. Kama maziko yalilipwa na michango, basi mlikuwa mnatoa maziko mara mbili.

Msimamizi Kibaigwa
Katika ile laki nane, laki sita ni deni la jeneza na usafiri lililobaki baada ya michango kuisha. Soma kwanza kaka.

Karani Mstaafu
Nimekaa dirisha la mirathi miaka mingi, nitasema mawili tu.

La kwanza, kosa ninaloliona zaidi ni msimamizi kugawa kabla ya kulipa. Ndani ya miezi minne ya kuteuliwa unatakiwa uwasilishe fomu namba 5, inayoonyesha mali na madeni. Watu wanaandika mali, sehemu ya madeni wanaacha wazi, halafu wanagawana. Mdai akijitokeza, aliyechukua ng'ombe anaweza kutakiwa arudishe thamani ya alichochukua. Na msimamizi mwenyewe, kama alijua deni lipo akagawa, hapo ndipo mfuko wake unaguswa. Kwa hiyo Mwana Chamwino ana ukweli kidogo: mrithi anaweza kutoa pesa, lakini haipiti alichopokea.

La pili, Mama Wawili. Ile karatasi ni jambo tofauti na mirathi, ni ahadi yako mpya. Lakini inapingika. Sheria ya Mikataba inauliza ulipewa nini badala ya ahadi yako, na wewe hukupewa senti. Mkopeshaji atajibu kwamba alikupa muda wa kulipa. Sikuahidi kwamba utashinda. Muulize pia leseni, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayefanya biashara ya kukopesha hatakiwi kufanya bila leseni. Acha kulipa kwa mkono bila risiti, na nenda kwenye msaada wa kisheria ukiwa na karatasi hiyo.

Mama Wawili Nkuhungu
Karatasi orijino anayo yeye. Mimi nilipiga picha tu.

Karani Mstaafu
Picha itunze. Ina tarehe?

Mama Wawili Nkuhungu
Ina tarehe ya siku ya tatu ya msiba.

Shangazi Mvumi
Wangu ni tofauti kidogo. Marehemu kaka alikuwa ANADAI, amemkopesha jirani laki saba. Jirani anasema deni limekufa na mwenyewe.

Msimamizi Kibaigwa
Halijafa shangazi. Ni mali ya mirathi. Msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayelidai, wewe peke yako atakukatalia.

Dereva wa Kizota
Na mkopo wa benki wa mwalimu? Dada yetu alikuwa mtumishi.

Kaka wa Bahi
Pelekeni cheti cha kifo benki mapema. Mikopo mingi ya watumishi inakatwa bima tangu siku ya kwanza. Dai la bima likikubalika, deni linafutwa. Sisi tulilipa miezi miwili bila kuuliza.

Mwana Chamwino
Mimi bado nasema mtoto mwenye uwezo amlipie baba yake.

Binti Mpunguzi
Mwenye uwezo, ndiyo. Yule wa jana ana kibanda cha chipsi. Kesho narudi Hombolo kwenye kikao cha ukoo. Karani, akiwa ametamka tu mbele ya watu bila kuandika, hapo amejifunga?

Karani Mstaafu
Kwa maneno yale matupu mdai atapata tabu sana kumbana. Muwahi kabla hajaletewa karatasi.