Mrejesho: Maziwa ya zamani kubaki nyuma ya raki

Niliuliza: "Ghala letu la maziwa ya boksi lina raki ambazo foklifti inaingia ndani. Mbona mzigo wa zamani hautoki kwanza?"

Wakuu, asanteni. Shida ni raki yenyewe. Njia ina mdomo mmoja, paleti zinakaa juu ya reli za pembeni, moja nyuma ya nyingine. Iliyoingia mwisho ndiyo iko mbele, basi itatoka kwanza, hata kompyuta iseme nini.

Sasa kila njia inabeba toleo moja tu la uzalishaji, na haiongezwi kitu mpaka iishe kabisa. Tarehe zikiwa sawa, ipi itangulie haijalishi. Gharama yake ni njia zinazokaa nusu tupu, na bosi analalamika.

Bidhaa za paleti mbili tatu tumezihamishia raki za kawaida, ambako kila paleti inafikika, ila dereva lazima afuate tarehe.

Raki za mteremko wenye rola, unapakia nyuma unachukua mbele, zinalazimisha cha kwanza kitangulie. Bei imetushinda, na paleti zetu zilizovunjika mbao za chini zingekwama katikati ya njia.